Kikundi cha Ukoo: Monita ya Mjomba

Mjomba Sefu: Wanangu habari za asubuhi, kompyuta ya dukani ilipigwa Windows mpya juzi na sasa kila kitu kimevutika kwa pembeni, bibi harusi kwenye kadi anaonekana kanenepa mashavu, na herufi zina ukungu. Monita ni ileile pana ya inchi 22

Rehema: Shkamoo mjomba. Hiyo ni draiva ya grafiksi haipo, ukipiga Windows lazima uweke draiva upya, weka tu itakaa sawa

Shangazi Mwanaidi: Hata TV yangu iko hivyo tangu mafundi waje, watangazaji wote wafupi wapana, nikadhani ni king'amuzi

Baraka: Marahaba Rehema lol. Shkamooni wakubwa. Shangazi, yako ni ya rimoti, tafuta sehemu ya ukubwa wa picha uitoe kwenye ile inayojaza skrini, tutaongea. Mjomba fungua Paint, shika Shift uchore mraba mkubwa, halafu pima kwa rula juu ya kioo

Mjomba Sefu: Marahaba. Kwenda juu sm 9, upana sm 12

Baraka: Basi kompyuta inatoa picha ya 1024x768, umbo la zile monita za zamani za kichogo, na monita yako ya 1920x1080 inaivuta mpaka ijae. 9 kuwa 12 ndo tofauti kamili ya hayo maumbo mawili. Nenda Display settings uone orodha ina nini

Mjomba Sefu: Kuna 800x600, 1024x768 na 1280x1024 basi, 1920 haimo

Rehema: Si nilisema draiva

Baraka: Inawezekana, ila tusidownload kitu kwanza. Bonyeza kulia Start, fungua Device Manager, tazama Display adapters halafu Monitors, niandikie kama ilivyo

Mjomba Sefu: Juu Intel HD Graphics. Chini Generic Non-PnP Monitor

Baraka: Rehema draiva ipo, isingekuwepo pale juu ingeandika Microsoft Basic Display Adapter na hapo ungekuwa sahihi kabisa. Tatizo ni hiyo Non-PnP. Monita huwa inajitambulisha kwa kompyuta kupitia waya uleule wa picha, inasema mimi ni 1920x1080, sasa hapa draiva haisikii kitu kwahiyo inabahatisha vipimo vya kizamani ambavyo monita yoyote itavikubali. Mjomba unatumia waya gani, ule wa bluu wenye skrubu mbili?

Mjomba Sefu: Huohuo

Baraka: Zima, uchomoe, uhesabu pini. Safu tatu, tano tano

Mjomba Sefu: Safu ya kati inakosa moja, na ya chini kuna moja imelala kabisa, ya pili kutoka pembeni

Baraka: Ya kati usijali, waya nyingi za VGA zinatoka kiwandani bila pini ya 9. Iliyolala ni ya 12, na hiyo pamoja na ya 15 ndo zinabeba yale maongezi. Rangi zinapita pini nyingine ndo maana picha unaipata. Usiinyooshe kwa koleo itakatika, nunua waya mwingine

Rehema: Sasa kabla ya kupiga Windows mbona ilikuwa sawa na waya huohuo?

Baraka: Labda Windows ya zamani ilikuwa imehifadhi vipimo, labda pini imelala fundi alipochomeka tena, hapo siwezi kuapa

Mjomba Sefu: Leo nina kazi za watu, waya mpaka jioni

Baraka: Bonyeza vitufe vya monita yenyewe, kwenye menyu ya picha chagua 4:3 au Aspect. Utapata weusi kushoto na kulia ila sura zitarudi, ukungu utabaki

Mjomba Sefu: Kweli, mashavu yameisha 😂

Rehema: Subirini, kadi za rafiki yangu zilizotoka jana watu wembamba kama wamebanwa na mlango, ni za hapo dukani

Baraka: Eeh hilo ndo nililokuwa naogopa. Printa haijui habari za monita, inafuata faili. Kama kijana wa dukani aliona watu wanene akazibana picha mpaka zikapendeza machoni, kwenye karatasi zinatoka zimebanwa kweli. Mjomba kila faili lililoguswa tangu juzi weka picha upya kutoka kwenye ile orijino, usivute kwa macho

Mjomba Sefu: Nimempigia, anasema alibana zote. Kadi 150 zimeshakatwa

Shangazi Mwanaidi: Rimoti yangu imeandikwa Kichina, Baraka unakuja lini

Mjomba Sefu: Saa 12 jioni hii, nimeweka waya mpya, imeandika Generic PnP Monitor na 1920x1080 imetokea yenyewe. Ila sasa maandishi madogo mno

Baraka: Usishushe rezolusheni tena mjomba, palepale kwenye Scale weka 125%