Posho ya kila mwezi: bado ni kujitolea, au tayari ni mshahara?

Wa Mapokezi (Morogoro): Najitolea mapokezi kwenye zahanati ya shirika binafsi. Saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, nasaini daftari. Mwisho wa mwezi napewa posho 150,000. Nikikosa siku, wanakata 7,000. Katibu anasema mimi si mfanyakazi kwa sababu nilisaini fomu ya kujitolea. Ni kweli?

Mpenda Haki: Dada, ulisaini mwenyewe. Halafu ungekuwa mwajiriwa ungekatwa mchango wa NSSF na kodi ya PAYE. Hukatwi, basi unajitolea. Yameisha.

Mzee wa CMA: Hayajaisha. PAYE haianzi mpaka mshahara uzidi 270,000 kwa mwezi, kwa hiyo hiyo haikusaidii kitu. NSSF isipokatwa, hilo linaweza kuwa kosa la mwajiri tu. Soma kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004: anayemfanyia mtu kazi anachukuliwa kuwa mwajiriwa, mkataba uwe wa namna yoyote, ikiwepo hata dalili moja kati ya zilizotajwa. Mojawapo ni kupangiwa saa. Nyingine ni kufanya wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi, kwa miezi 3 iliyopita. Huyu anafanya saa 6 kwa siku. Kwa siku 22 ni saa 132. Ila hiyo ni dhana tu, zahanati inaruhusiwa kuleta ushahidi wa kuipinga, na hapo fomu yao itasomwa.

Tuulize na hela yenyewe inalipia nini. Dada, nauli yako ni shilingi ngapi?

Wa Mapokezi: 1,200 kwenda na kurudi.

Mzee wa CMA: Basi nauli ya mwezi haifiki 27,000. Hizo 120,000 na ushee zilizobaki ni za nini? Na 7,000 inayokatwa ni karibu kabisa na 150,000 ukigawa kwa 22. Wameshakupigia bei ya siku.

Mhudumu wa Jamii, Kisumu: Hata sisi huku tunalipwa 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti. Upande mmoja ukichelewa unalala njaa. Yenu huingia tarehe ngapi?

Mzee wa CMA: Ndugu, hapa hatujafika kwenye tarehe.

Msimamizi wa Kituo: Mimi nina vijana 4 wa hivyo. Bajeti ya mfadhili ina fungu la posho, fungu la mishahara halina. Mkitupeleka CMA, kwenye tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, tutafuta posho, wakose wote.

Mzee wa CMA: Lipa nauli na chakula kwa siku aliyokuja, asiyekuja usimdai sababu. Ukimhitaji kila siku saa 2 kamili, tafuta fungu la mshahara.

Msimamizi wa Kituo: Na mlango nani atafungua?

Wa Mapokezi: Kwetu funguo ninazo mimi. Nikidai halafu wakaniondoa?

Mzee wa CMA: Mgogoro wa kuachishwa unapelekwa CMA ndani ya siku 30. Kuanzia leo piga picha kurasa za daftari, na vocha ulizosaini. Kushinda siwezi kukuahidi.

Mpenda Haki: Mi bado nasema alisaini.