UZI WA MALALAMIKO: Wauza samaki, acheni kutuuzia changu waliong'olewa matamvua!

Shombo_Haidanganyi:

Wakuu, hili jambo limenikaa kooni, leo nalitema. Unafika mezani saa tisa alasiri, unaonyeshwa changu mzima, anang'aa kwa maji, ukimfunua shavu ndani ni tupu. Ukiuliza unajibiwa "nimekusafishia, bosi". Nani alikutuma? Magamba yapo, utumbo upo, halafu umesafisha matamvua peke yake? Yametolewa kwa sababu mteja akiyaona hanunui.

Kwa wasiojua: funua kifuniko cha shavu kwa kidole. Samaki mpya ana matamvua mekundu yaliyokolea, na ute wake ni mwepesi, unaona rangi kupitia huo ute. Akianza kuchoka yanakuwa ya hudhurungi, ute unakuwa mzito kama wanga wa ugali. Mwisho yanageuka kijivu na yanagandana. Na usiishie kutazama, sogeza pua pale pale ndani ya shavu. Nje samaki ameshamwagiwa maji mara kumi, harufu imeondoka. Ndani ya shavu haiondoki kirahisi. Mpya ananukia bahari, mwani hivi. Ukipata harufu inayochoma puani, mrudishe mezani, huna haja ya kubishana.

Kuna wengine wabaya zaidi, wanapaka damu ya samaki mwingine kwenye matamvua. Pitisha kidole au karatasi laini: damu ya kupakwa inatoka yote na chini unakutana na hudhurungi.

Halafu tumbo. Bonyeza kwa dole gumba karibu na tundu la haja. Tumbo ndilo linalolegea kwanza, kwa sababu vimeng'enya vya utumbo havisimami samaki akifa, vinaendelea kumeng'enya na vikimaliza chakula vinakula ukuta wa tumbo lenyewe. Mpya, nyama inarudi ukiachia. Wa kulala, shimo la kidole linabaki. Ukikuta tundu limetokeza nje, la hudhurungi na linavuja, huyo hata kwa bei ya bure ni hasara.

Sina ugomvi na samaki wa barafu. Changu aliyefukiwa kwenye barafu tangu alipovuliwa, kilo moja ya samaki kwa kilo moja ya barafu, anaweza kumshinda mbali yule aliyevuliwa leo alfajiri akapigwa jua la Dar mpaka alasiri. Ugomvi wangu ni kumlaza samaki JUU ya barafu, ubavu wa chini baridi, wa juu jua na nzi, kisha unaniambia "wa leo huyu".

Baba_Watatu:

Mkuu unajisumbua. Mimi naangalia macho tu. Jicho likiwa limetoka nje na linang'aa, nabeba. Na hata kama amelala kidogo, ndimu na siki zinaua kila kitu, unamroweka usiku kucha, asubuhi hana neno.

Shombo_Haidanganyi:

Baba Watatu, kwenye macho una nusu ya ukweli. Jicho lililozama, lenye ukungu wa kijivu, ni dalili mbaya kweli. Lakini samaki aliyegusana na barafu moja kwa moja jicho lake hupata ukungu mapema na nyama bado ni nzima. Na wale wanaovutwa kutoka kina kirefu, kama chewa, macho yao hutokeza nje kwa mabadiliko ya mgandamizo, hivyo jicho lililotoka halikuambii amekufa lini. Jicho ni shahidi wa pili. Wa kwanza ni matamvua na tumbo.

Kwenye ndimu hapo unapotosha watu, samahani. Ndimu inafunga ile shombo, basi. Haimfufui samaki. Na kwa kibua na jodari ni hatari kabisa: nyama yao ikikaa kwenye joto, bakteria wanatengeneza histamini, na hiyo haiondoki kwa ndimu, kwa kuchemsha, kukaanga wala kugandisha. Mtu anakula, ndani ya dakika chache mpaka saa moja au mbili uso unawaka, midomo inachonyota, ngozi inawasha, kichwa kinauma. Watu wanasema "nina aleji na samaki" kumbe aliuziwa kibua aliyeshinda juani. Mbaya zaidi, kibua wa namna hiyo anaweza asitoe harufu mbaya bado. Ndiyo maana kibua na jodari nunua tu kwa mtu unayeona barafu yake imewafunika.

Ngosha_wa_Ziwa:

Wakuu hapa Mwanza hatuna changu, sisi ni sato na sangara. Sato wangu mara nyingi ananuka tope hata akiwa anarukaruka. Huyo naye ameharibika?

Bi_Mkubwa_Jikoni:

Hapana mwanangu, tope ni mahali alipokuwa akiishi. Samaki wa ziwani pia mara nyingi hawatoi shombo kali kama ya wa baharini, kwa hiyo pua peke yake itakuangusha. Wewe shika matamvua na ubonyeze tumbo, hayo ni yale yale. Tope lipunguze kwa kutoa ile ngozi nyeusi ndani ya tumbo, umsugue chumvi na ndimu, umsuuze.

Kijana_wa_Geto:

Naombeni msaada, nahisi na mimi natapeliwa. Nanunua changu asubuhi, matamvua mekundu, tumbo gumu. Nikimkaanga anajikunja, ngozi inang'ang'ania karai, nikimgeuza anakatika vipande. Si ndiyo dalili ya samaki mbovu hiyo?

Bi_Mkubwa_Jikoni:

Kijana, samaki wako ni mzuri, upishi ndio mbaya. Samaki mbovu ungemjua mapema, wakati wa kumpasua: damu iliyolala chini ya uti wa mgongo inakuwa ya hudhurungi badala ya nyekundu, na mifupa ya mbavu inajitenga na nyama, inachomoza yenyewe. Kama hujaona hivyo, twende jikoni.

Kujikunja ni kwa sababu ya upya wake. Samaki akifa anakakamaa kwa saa kadhaa, ukimpika katika hali hiyo misuli inajikaza anapinda. Mweke kwenye barafu mpaka ukakamavu umtoke, ndipo umchanje. Changu wa nusu kilo hadi robo tatu, mikato mitatu kila ubavu, ya mshazari, kutoka kwenye mgongo uliojaa nyama mpaka kisu kiguse mfupa. Tumboni usichanje, hapo ni pembamba. Mikato inazuia kupinda na inafanya moto ufike ndani, maana changu mnene bila mikato ngozi inaungua na mfupani bado kuna damu.

Kung'ang'ania ni maji na mafuta ambayo hayajapata moto. Wengi mnamloweka kwenye ndimu saa mbili, anatoka ametota, mnamtumbukiza kwenye mafuta ya vuguvugu. Maji yale yanashusha joto la mafuta, ngozi inachemka badala ya kukauka, inashika chuma. Fanya hivi: chumvi kijiko cha chai kimoja, kitunguu saumu na tangawizi zilizotwangwa, nusu ndimu, dakika kumi na tano hadi ishirini, zisizidi. Kwangua viungo vilivyobaki juu, vinaungua kabla ya samaki. Halafu MFUTE. Kwa kitambaa safi, nje, ndani ya tumbo, ndani ya mikato, mpaka kitambaa kisilowe.

Mafuta yafike nusu ya unene wa samaki. Chovya ncha ya mwiko wa mti: povu dogo dogo likizunguka ncha kwa haraka, tayari. Yakitoa moshi yamezidi. Mlaze taratibu kuelekea upande usio wako, kisha usimguse kwa dakika tano au sita. Hapa ndipo watu wanapoharibu, wanamchokonoa kila nusu dakika. Ngozi ikishakauka inajiachia yenyewe. Tikisa karai kidogo, akiteleza mgeuze kwa miiko miwili. Kama hatelezi, muda wake bado. Na samaki mmoja mmoja, ukijaza watatu mafuta yanapoa. Kujua ameiva, vuta pezi la mgongoni: likitoka bila kubishana, ameiva.

Kijana_wa_Geto:

Asante Bi Mkubwa. Nilikuwa naloweka toka asubuhi mpaka jioni.

Mzee_wa_Mkaa:

Changu wa kilo moja msimkaange, mnamuonea, huyo ni wa mkaa. Subiri moto ulale, mkaa ufunikwe na jivu jeupe. Wavu uwe wa moto kwanza, ndipo uupake mafuta, wavu baridi unashika ngozi. Kwa unene wa sentimita tano ni kama dakika ishirini kwa jumla, geuza mara moja tu. Akikaribia kuiva mpake tui zito lililopikwa na ukwaju, bizari, kitunguu saumu na pilipili mpaka likawa kama uji. Ukimpaka tangu mwanzo tui linaungua, linakuwa chungu, nyama ndani mbichi. Na magamba msiyatoe! Yanakinga nyama isikauke, akishaiva unavua ngozi yote na magamba yake.

Bi_Mkubwa_Jikoni:

Mzee wangu, shikamoo, lakini kwa samaki wa kupaka hilo la magamba nakataa. Tui litaingiaje? Utakuwa unapaka magamba. Mpare vizuri.

Mzee_wa_Mkaa:

Marahaba. Linaingia kwenye mikato, Bi Mkubwa. Jaribu.

Meza_Namba_Saba:

Mimi ni muuza samaki na nimesoma yote. Mnatulaumu kwa haki kwa wale wanaopaka damu, hao wanatuharibia. Lakini nanyi wateja mnabonyeza samaki mmoja watu ishirini mpaka saa sita nyama imepondeka, mnaondoka bila kununua. Na asilimia kubwa ndio mnaotuambia "toa hayo mashavu, yananuka". Tukitoa mnasema tunaficha.

Shombo_Haidanganyi:

Kaka, kubonyeza ni mara moja, karibu na tundu, hilo nakubali watu wanazidisha. Lakini matamvua yatolewe BAADA ya mteja kuyaona, na mbele yake. Mfunulie shavu mwenyewe, hatahitaji kumminya samaki. Ukiwa umeyatoa kabla sijafika, mimi napita meza inayofuata.

Meza_Namba_Saba:

Na hiyo meza inayofuata ikiuza bei juu kwa sababu inanunua barafu mara mbili kwa siku, mtalipa?