Tupeane uzoefu: picha ya swali ina namba isiyosomeka, wewe hufanyaje?

Mwalimu wa Jioni, Githurai

Hamjambo wote. Nafundisha hisabati jioni, na siku hizi nusu ya maswali yananijia kwa simu. Mtoto anapiga picha karatasi ikiwa gotini, matatu inaruka matuta, halafu anaandika "Mwalimu, nisaidie namba 14."

Mwezi uliopita nililetewa swali la silinda. Nusukipenyo sentimita 7, kimo sentimita kumi na kitu. Tarakimu ya pili ilikuwa doa tu. Mimi nikaona 18, nikapiga 22/7 × 7 × 7 × 18, nikapata 2772, nikatuma bila kusema lolote. Kesho yake naona karatasi yenyewe: 16. Jibu ni 2464. Na yule mtoto alikuwa ameshawapelekea wenzake watano kazi yangu, wote wakanakili. Iliniuma, kwa sababu waliniamini.

Tangu siku hiyo mstari wangu wa kwanza, juu ya kazi yenyewe, ni huu: "Nimechukulia kimo ni 16, tarakimu ya pili haisomeki. Kama kwenye karatasi yako ni nyingine, niambie." Kisha nafanya hesabu nikiwa nimeacha herufi h mpaka mwisho, inabaki 154h. Mwenye karatasi safi anazidisha 154 kwa namba yake, basi. Nyinyi wenzangu hufanyaje?

Mama Pacha, Umoja

Wangu walipewa mtihani wa kufunga muhula, karatasi imechapishwa vibaya, namba zimefifia. Niliwaambia mkono juu, mwite msimamizi, usikisie. Mmoja aliinua akaletewa karatasi nyingine, mwenzake akaona haya akakosa swali zima.

Mwalimu wa Jioni

Ulifanya vyema mama, ila hapo karatasi iko mbele ya mtoto na msimamizi yuko chumbani. Mimi nauliza picha ikinifikia saa nne usiku na mwenyewe ameshazima simu.

Kijana wa Kasarani

Mimi huwa nachagua namba inayoleta jibu safi. Juzi nilipata x² − 5x + doa = 0. Ukiweka 8 hakuna jibu kabisa, maana 25 − 32 inaenda hasi. Ukiweka 6 unapata 2 na 3. Watunzi hawapendi majibu machafu, kwa hivyo ni 6. Mbona tujisumbue?

Mtahini Mstaafu

Kijana, umeshika nusu. Kuiondoa 8 ni sawa, maana swali lisilo na jibu halitungwi kwa fomu tatu. Lakini je, doa likiwa 5? Majibu yanakuwa 3.62 na 1.38, na mtunzi anayetaka kupima kama unaijua fomula anatafuta majibu kama hayo makusudi. Tazama kama swali linasema "hadi nafasi mbili za desimali". Likisema hivyo, 6 yako imeanguka. Lisiposema, 6 ina nguvu, lakini bado uandike kwamba umechukulia.

Mwalimu, lile swali la silinda lilikuwa na sehemu ya (b)?

Mwalimu wa Jioni

Ndiyo. Maji ya silinda iliyojaa yanamiminwa kwenye tangi la mstatili, kitako sentimita 44 kwa 7, "onyesha kwamba kina cha maji ni sentimita 8".

Mtahini Mstaafu

Basi namba yako ilikuwa imekaa hapo chini inakungoja. 44 × 7 × 8 ni 2464. Gawanya kwa 154, unapata 16. Hapo huchukulii tena, umepata, na uandike hivyo: "kimo kimepatikana kutoka sehemu ya (b)". Msomaji ana haki ya kujua lipi umeliona, lipi umelitoa kwingine, lipi umelikisia.

Sasa tuseme (b) ingeuliza "tafuta kina" badala ya kukupa ile 8. Kimo kikiwa 10, kina ni 5. Kikiwa 16, kina ni 8. Kikiwa 18, kina ni 9. Yote safi kabisa! Kijana wa Kasarani angechagua ipi?

Kijana wa Kasarani

Hapo umenikamata, mzee. Nilidhani usafi unatosha.

Binti wa Maabara

Naomba niingize kemia, nilikwama na kitu kama hicho. Swali lilikuwa la kloridi ya chuma, FeCl na kanamba kadogo chini kilichopotea. Je, ni FeCl₂ au FeCl₃? Ukichukua Fe ni 56 na Cl ni 35.5, moja inatoa 127 na nyingine 162.5, kwa hivyo hesabu yote ya moli inabadilika. Nilikodolea macho kile kidoti kama dakika kumi. Halafu nikasoma mstari unaofuata: ukiongeza hidroksidi ya sodiamu, mashapo ya kahawia yanatokea. Kahawia ni ya Fe³⁺, ya Fe²⁺ yangekuwa ya kijani. Maneno yaliniokoa. Siku hizi nasoma swali mpaka nukta ya mwisho kabla sijabishana na doa.

Dada wa Saiba, River Road

Mimi si mwalimu, ila picha za mitihani zinapita mikononi mwangu kutwa. Kuvuta picha kwa vidole iwe kubwa hakurudishi kilichopotea, unapata doa kubwa tu. Kinachosaidia ni kutafuta tarakimu nyingine kwenye picha hiyohiyo, hata namba ya ukurasa. Kama kuna 8 unayoijua kwa hakika, linganisha: na yenyewe imeziba vivyo hivyo, au ina kiuno? 6, 8 na 0 ndizo zinazofanana zaidi zikipata ukungu, na ile 3 pia huwa inajifanya 8.

Na mwambieni mtoto aitume kama faili, si kama picha ya kawaida. WhatsApp inaibana picha, mistari myembamba ndiyo inayokufa kwanza.

Mwalimu wa Jioni

Hiyo ya mistari myembamba imenifikisha kwenye jambo linalonisumbua mpaka leo. Swali linataka namba kamili zinazotosheleza 5 ≤ 3x + 2 < 17. Sasa ile alama ya mwisho, chini yake kuna kivuli. Sijui ni kimstari cha ≤ au ni kunyanzi la karatasi. Ikiwa < majibu ni 1, 2, 3, 4. Ikiwa ≤ unaongeza 5. Hakuna sehemu ya (b), na majibu yote mawili ni safi.

Mtahini Mstaafu

Andika yote mawili. Hatua za kazi ni zilezile, alama ya mwisho tu ndiyo inayobadilika, na kwenye majibu kinachotofautiana ni ile 5 peke yake.

Mama Pacha, Umoja

Mimi kama mzazi nakataa. Mtoto ukimpa majibu mawili atachukua la kwanza. Mpe moja, mwambie wazi umesoma nini, akatazame karatasi yake mwenyewe.

Mtahini Mstaafu

Na asipotazama, mama? Angalau mawili yatamlazimisha achague.

Binti wa Maabara

Au usimpe jibu lolote mpaka alete picha nyingine. Mwalimu wetu wa zamani alikuwa hivyo.

Mwalimu wa Jioni

Saa nne usiku, mtihani ukiwa asubuhi, siwezi kumnyima. Nimemtumia mpaka 1 ≤ x, na upande wa pili nikaandika "5, ikiwemo au isiwemo kulingana na alama iliyo kwenye karatasi yako". Amesoma, hajajibu.