Mtoto akisema, nani aambiwe kwanza?

Mjumbe wa kamati ya shule, Chamwino: Tunaandika sera ya ulinzi wa mtoto ya shule yetu ya msingi. Rasimu inasema mwalimu akipata taarifa ya ukatili ampelekee mwalimu mkuu, naye ndiye aamue iende wapi. Wazazi wamegawanyika. Mnaonaje?

Afisa ustawi wa jamii, Dodoma mjini: Futeni hilo "aamue". Mtoto kabakwa Alhamisi saa tatu usiku, kamwambia mwalimu wa darasa Ijumaa saa nane mchana. Mwalimu mkuu yuko kikaoni, simu haipatikani, basi inasubiriwa Jumatatu. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kuwahi ndiyo bora. Saa hizo zimeisha Jumapili saa tatu usiku, na nyumbani nguo zimeshafuliwa. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinamtaka yeyote mwenye taarifa aifikishe serikali za mitaa. Aliyeambiwa apige simu siku hiyohiyo: ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au 116. Mwalimu mkuu ajulishwe.

Mwalimu mkuu mstaafu, Kongwa: Shule ikichafuka anaulizwa mwalimu mkuu. Lazima ajue, na achunguze kwanza, watu wasisingiziwe.

Afisa ustawi wa jamii: Shikamoo mwalimu. Kujua, sawa kabisa. Kuchunguza ndiko kunakoharibu. Nimewahi kupokea mtoto aliyekwisha kuhojiwa na watu wanne, kila mmoja akimuuliza, "Ni fulani, eti?" Alipofika kwangu alikuwa na maelezo mawili. Shule isikilize, iandike tarehe, saa, aliyekuwepo na maneno ya mtoto. Akisema "alinifanyia tabia mbaya", andika hivyohivyo. Neno "kubakwa" usimwekee wewe.

Mama mzazi, Nkuhungu: Mimi wangu kachapwa viboko vinane na mwalimu wa zamu kwa kuchelewa namba. Hilo mnaliripoti wapi?

Mwalimu wa malezi, Bahi: Pole sana dada. Hilo liingie kwenye kanuni za mwenendo. Viboko havizidi vinne, anachapa mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi, na kila adhabu inaandikwa kitabuni. Nenda kaombe kuonyeshwa kitabu cha siku ile. Jina la mwanao lisipokuwepo, hilo ni kosa jingine juu ya lile la viboko.

Kuhusu daftari la taarifa, sisi tuliliacha kwenye kabati la ofisi ya walimu. Mmoja akalisoma wakati wa chai, jioni jina la mtoto liko kilabuni. Siku hizi daftari lina namba tu, majina yako kwenye kitabu kingine kinachofungiwa.

Mjumbe wa kamati: Ufunguo anao nani? Na anayetuhumiwa akiwa ndiye mwenye ufunguo?

Mwalimu mkuu mstaafu: Ukae kwa afisa elimu kata.

Mwalimu wa malezi: Mzee wangu, wetu tunamwona mara moja kwa mwezi. Ijumaa ile mchana nitaandika wapi?