Mwalimu anakata nel na sul zangu, nikiuliza sababu hana
Jamani nimechoka! Nafanya usafi wa vyumba kwenye hoteli huku Watamu, wageni wetu wengi ni Waitaliano, nikalipa ada ya masomo ya jioni nijue lugha yao. Leo karatasi yangu imerudi nyekundu tupu.

Niliandika *L'asciugamano è in il armadio*, taulo liko kabatini. Kakata, kaandika *nell'armadio*. *Lo zaino è su il letto*, begi liko kitandani, kakata, anataka *sul letto*. Haya, nikaelewa *in* na *su* zinaungana na kineno kinachofuata. Sentensi ya tatu nikaunganisha mwenyewe: *Il cuoco è nella cucina*, mpishi yuko jikoni. Kakata tena! Eti *in cucina*. Namuuliza kwa nini, ananiambia ndivyo wanavyosema. Hilo ni jibu la mtu aliyelipwa?

Kaka wa Malindi: Dada, ni kama -ni yetu. Jikoni, *in cucina*. Chumbani, *in camera*. Penye -ni usitie il wala la.

Mwenye uzi: Na kabatini je? Mbona hapo kaandika *nell'armadio*?

Kaka wa Malindi: Hapo umenishika.

Mama Bologna: Mwanangu, hiyo -ni itakupoteza. Iweke in kando kwanza, ulitazame neno likiwa peke yake. Ni *l'armadio*, ndiyo maana ikawa *nell'armadio*. Ni *il letto*, basi *sul letto*. Begi ni *lo zaino*, kwa hiyo *nello zaino*. Wengi huandika *nel zaino* wakadhani wamekosea kuunganisha, kumbe kosa limeanzia kwenye *il zaino*. Sasa *cucina*, *camera*, *banca* na *ufficio* ni mahali pa kila siku, yanakaa na *in* tupu, na hayo unayakariri tu. Ila ukitaja ni jiko lipi, *la* inarudi: *nella cucina grande*. Hata *nella cucina* yako si kosa la sarufi, mradi mnajua ni jiko gani. Mwalimu alipaswa kukueleza hivyo, si kukata.

Msafiri77: Dai ada yako! Wangu alinikatia *con il latte*, yaani na maziwa, akataka *col latte*.

Mama Bologna: Alikuonea. *Con il* ndiyo inayoandikwa zaidi, *col* nayo ipo. Kwa *in* na *su* ndiko huna hiari.

Mwenye uzi: Asante mama, dakika tano umenifunza kuliko miezi miwili ya darasa. Basi nitazamie na hii: wageni wako ufukweni, *Gli ospiti sono sulla spiaggia*. Kakata, kaandika *in spiaggia*.

Mama Bologna: Zote mbili zinasemwa. Aliyekwenda kuogelea na kuota jua, mara nyingi ni *in spiaggia*. Ukiwa unaonyesha walipo, pale juu ya mchanga, *sulla spiaggia* ni sawa kabisa.

Kaka wa Malindi: Mimi kila siku nasikia *in spiaggia* tu.

Mwenye uzi: Kesho namrudishia karatasi. Alama ya ufuko naitaka.