UZI: Spika haishiki Bluetooth, muuzaji anasema simu yangu ndiyo mbovu. Barua niliyomwandikia hii hapa

Wakuu, habari za mchana. Mimi kinyozi, kibanda changu kiko Buzuruga hapa Mwanza. Siku ya kumi na moja leo nazungushwa na muuzaji wa mtandaoni kwa spika ya elfu themanini na tano. Jina lake sitaji. Jibu lake la mwisho lilikuwa "simu yako mbovu bro, jaribu nyingine", kisha kimya. Nimejaribu nyingine. Barua niliyomtumia jana naibandika hapa, mniambie nimekosea wapi.

*Ndugu muuzaji,*

*Mzigo niliupokea stendi ya Nyegezi, nikalipa 7,000 ya basi juu ya 85,000 niliyokutumia. Naomba unirudishie 92,000 yote, kwa sababu spika uliyoniuzia haiunganiki na simu yoyote.*

*Usiku uleule niliichaji mpaka taa nyekundu ikazima, maana spika yenye chaji kidogo huwa na vituko. Nikaiwasha, taa ya bluu ikaanza kupepesa harakaharaka, yaani yenyewe inasema iko tayari kutafutwa. Simu ikatafuta, ikaniletea runinga ya jirani, saa ya mtu na simu mbili nisizozijua. Spika iliyokuwa mezani mbele yangu haikuwemo.*

*Uliposema simu ni mbovu, nilikwenda kwa jirani yangu muuza chipsi. Simu hiyohiyo ikaishika spika yake palepale, na haikuwa imewahi kuiona. Nikaazima simu yake, nikachukua ya mke wangu na kompyuta ya mteja mmoja. Zote zinaiona spika ya muuza chipsi. Ya kwako hakuna hata moja inayoiona.*

*Ukaja na la pili: labda imedakwa na simu nyingine, au waifai za mjini zinaiingilia. Haya. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi niliibeba mpaka kwenye mawe ya ziwani kule Bwiru. Nilikuwa mimi, simu moja, na mzee mmoja anatoa dagaa kwenye nyavu. Haikuonekana. Kwa hasira nikailaza simu juu ya spika, pale kwenye vitufe, nikatafuta upya. Jina likatokea:* `BT-SPEAKER`*. Nikainua simu shubiri moja, nikatafuta upya, halipo. Nikailaza tena, lipo. Nimerudia mara sita, mzee akaniuliza kama naipima homa. Nikigusa jina, simu inafikiri kidogo kisha inaandika:* `Couldn't pair with BT-SPEAKER.`

*Kwenye tangazo uliandika mita kumi. Mimi nimepata unene wa kava la simu.*

*Nilichomeka flashi, ikapiga masaa matatu bila kukwama, na besi yake nzuri kweli. Kwa hiyo betri nzima, spika yenyewe nzima. Lakini sikununua redio ya flashi, ya elfu ishirini ninayo. Sijaifungua, skrubu zote zipo na stika haijachanika. Usinipe rangi nyingine wala usiniambie nichague bidhaa ya thamani hiyohiyo. Nataka pesa yangu.*

Ndiyo hiyo wakuu. Video ya pale mawe ya Bwiru ninayo.

Mzee wa Makoroboi: Pole mkuu, ila tatizo nalijua. Spika za sasa ni Bluetooth 5, simu yako kama ni ya zamani ina 4. Haziwezi kuelewana. Nunua simu.

Fundi Spika Nyakato: Hapana mzee. 5 na 4 zinaelewana vizuri, zinashuka kwenye lugha ya yule wa chini. Uko sahihi kwamba matoleo yapo, lakini hayo hayafichi jina la spika. Mleta uzi, kabla sijasema lolote: kitufe cha Bluetooth uliwahi kukibonyeza mara mbili haraka? Spika nyingi za namna hiyo ukibonyeza mara mbili zinaanza kutafuta pacha wake ili zipige mbili pamoja, na hapo simu inaweza isiione kabisa. Izime, iwashe, kisha shikilia kitufe kama sekunde kumi mpaka ilie, ifute kumbukumbu. Jaribu tena ulete majibu.

Dada Igoma: Mimi niliagiza pasi nikaletewa soksi pea tatu. Soksi zenyewe za mtoto. Tuunde grupu.

Kinyozi (mleta uzi): @Fundi kweli hilo sikulijua, na huenda nilibonyeza mara mbili siku ya kwanza. Nimefanya sasa hivi, imelia, taa imepepesa upya. Matokeo yaleyale: simu juu ya vitufe jina lipo, shubiri moja halipo.

Fundi Spika Nyakato: Basi umemmaliza, na kipimo kizuri ni hicho cha shubiri. Ndani ya spika hizi chipu huwa moja, ndiyo inasoma flashi na ndiyo inafanya Bluetooth. Flashi ikipiga, chipu haijafa. Jina likionekana kwa kugusana tu, mawimbi hayatoki. Hapo nashuku vitu viwili: antena, ambayo ni kale kamstari ka shaba kalikojikunja kwenye kona ya bodi, au kristali iliyo pembeni ya chipu imehama masafa. Kristali ikihama kidogo muziki wa flashi hausikii tofauti, lakini kwenye gigahezi 2.4 kidogo hicho kinakutoa nje ya chaneli. Ndiyo maana jina linapenya na kuunganika kunakataa, kwa sababu kuunganika ni kujibizana mara nyingi, kukipotea kidogo tu simu inakata tamaa. Ni ipi kati ya hizo mbili siwezi kuapa bila kufungua.

Kinyozi (mleta uzi): Kubadilisha kristali ni bei gani?

Fundi Spika Nyakato: Elfu kumi, nusu saa. Lakini ukiniletea leo, stika inachanika na kesho muuzaji anasema umeiharibu wewe. Amua kwanza unataka spika au pesa.

Mpiga Sabufa: Mkuu spika ni ya gari au ya nyumbani? Nina sabufa kali ipo Mabatini, njoo na laki moja na nusu.

Kinyozi (mleta uzi): Soma uzi kaka.

Wakili wa Kijiweni: Kwenye barua ongeza Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Kitu kikiuzwa kwa maelezo lazima kifanane na maelezo. Picha ya tangazo lenye hizo "mita kumi" ihifadhi sasa hivi kabla hajalifuta.

Kinyozi (mleta uzi): Nimepiga picha tayari. Na sasa amejibu, kaona uzi nadhani. Anasema nimrudishie spika kwanza kwa basi, akiipokea na kuipima ndiyo atume pesa, nauli ya mzigo juu yangu. Kwa hiyo niongeze 7,000 nyingine, halafu spika iwe kwake na pesa iwe kwake?

Dada Igoma: Usitume! Mimi soksi nilirudisha.

Fundi Spika Nyakato: Mimi ningetuma, ila niandike namba ya spika ile ya chini kwenye stika, nipige video nikiifunga boksi, na aandike kwanza kwamba nauli ataifidia. Bila spika mkononi hakuna muuzaji atakayetoa pesa.

Kinyozi (mleta uzi): Nimemwandikia hilo la nauli. Tiki mbili za bluu, hajibu. Mteja kaingia, naja.