Naomba ushauri: kaka yangu anataka kuacha waragi, na papo hapo hataki

Habari zenu ndugu. Niko Arua. Kaka yangu ana miaka 41, hunywa waragi kama nusu lita kwa siku, na ya kwanza huinywa alfajiri ili mikono itulie aweze kushika kikombe cha chai. Mwezi jana nilimgombeza, akaapa, akaacha ghafla. Jioni ile ile akaanza kutetemeka na kutokwa jasho. Siku ya pili akaanguka kifafa, ambacho hajawahi kuugua. Hospitalini walimpa diazepamu, wakaipunguza siku hadi siku, na sindano za vitamini B1. Daktari akanionya: mnywaji wa kiwango hiki asiache peke yake nyumbani.

Sasa ameirudia. Juzi muuguzi alimwuliza, "Kutoka 0 hadi 10, kuacha kuna umuhimu gani kwako?" Akasema 4. Nilitegemea akemewe. Badala yake: "Kwa nini 4, si 1?" Kaka akanyamaza, kisha akasema binti yake hakai tena karibu naye. Kwa ugomvi wangu wote sijawahi kuyasikia hayo! Muuguzi akanieleza kwamba ndani yake kuna pande mbili. Nikitetea upande wa kuacha, yeye hubaki kutetea chupa.

Jana kaniambia, "Natamani kuacha, dada, lakini bila waragi silali." Mliopitia haya, nimjibu nini bila kumhubiria? Na hamu ikimshika jioni, akipita kwa muuzaji, mlisaidianaje mpaka ikapungua?